Wajukuu wa Saa Tisa

Edith Kemuma alikuwa na cherehani moja, mkasi mkubwa wa nguo na mkasi mdogo wa barua, na hakumruhusu mtu kuichanganya hiyo miwili. Kibanda chake kilitazamana na soko la Homa Bay. Siku za kazi alishona sare za shule na magauni ya kwaya. Sabato alipumzika kama Msabato yeyote, na Jumapili alijibu barua za watu asiowajua.

Barua hizo zilikuja kwa sanduku la posta la Machuki, mwenye jarida la kurasa nane lililoitwa Sauti ya Ghuba. Machuki aliliandaa kwa taipu na stensili, akalizungusha kwa mkono kwenye mashine kuukuu aliyoipata shule moja ilipoitupa. Liliuzwa Homa Bay, Sindo na Migori, na liliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu wasomaji wake walikuwa Wajaluo, Wakisii, Wasuba na Wakuria, na kila mmoja alipenda aibu yake isomwe kwa lugha ambayo si ya jikoni kwake. Ukurasa wa sita ulikuwa wa Edith. Uliitwa “Muulize Mama Edith.” Ndio uliouza jarida, na Machuki alilijua hilo ingawa hakulisema.

Edith alikuwa Mkisii wa milimani. Alifuata mume mfanyabiashara hadi Tanga, akakaa huko miaka mitatu, ndiko alikookota Kiswahili kilichonyooka. Mume alipofariki hakurudi milimani. Alishukia Homa Bay na cherehani kichwani, akajifunza Kijaluo kwa kubishana bei. Alizoea kusema kwamba amefukuzwa kwa lugha nne na kukaribishwa kwa nne, na kwamba ya kufukuzwa ndiyo humkaa mtu kichwani.

Kila barua aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza alisoma kama jirani, kwa kutaka kujua tu. Mara ya pili kama fundi, akitafuta pale mshono ulipoachia. Mara ya tatu alisoma kalamu ikiwa mkononi. Mwezi wa tano mwaka wa tisini na sita alivunja utaratibu huo, akasoma mara moja, akaandika.

Barua yenyewe ilitoka kijiji kimoja kwenye barabara ya Migori kwenda Karungu. Aliyeiandika ni karani wa kanisa. Aliyeisema ni bibi aliyejiita Nyanya wa Barabarani. Alisema amelea wajukuu watatu tangu baba yao, mwanawe mkubwa, alipokufa. Aliwalisha, akawasomesha kwa samaki na mihogo. Sasa ni watu wazima, wana kazi Nakuru. Walimjengea nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, lakini hawaji. Mara mbili kwa mwaka, pengine tatu. Wakija hufika saa nne asubuhi, wakala, wakatazama saa, na ikifika saa tisa wanaaga. “Na nimeambiwa,” karani aliandika, “kwamba hulala lojingi Migori kama wachuuzi wa samaki, ilhali mimi nimetandika vitanda. Moyo wangu umekufa. Mama Edith, nataka kuwatumia habari wasije tena, hata siku ya kunizika. Naomba uniambie kama ni dhambi. Ukisema si dhambi, nitawatumia.”

Edith aliisoma akiwa amesimama. Vyumba vitatu! Vitanda vimetandikwa, na wajukuu wanakwenda kulipia godoro la mtu mwingine! Alikumbuka mama yake mwenyewe kule milimani, aliyekufa huku binti yake yuko Tanga, na hasira ambayo ilipaswa kumwendea yeye ikawaendea vijana wa Nakuru. Aliandika kwamba si dhambi. Aliandika kwamba mtoto anayemfanya nyanya yake hoteli ya chakula cha mchana hastahili hata kubeba udongo wa kaburi lake. Aliandika hadi ukurasa ukajaa, akampelekea Machuki kabla wino haujakauka.

Machuki alisoma akicheka peke yake. “Hii itasomwa hadi kisiwani Takawiri,” alisema, na papo hapo akaanza kuigonga kwenye stensili.

Jumatano Edith alikwenda Migori kununua vitenge vinavyovuka mpaka kutoka Tanzania. Hufanya hivyo kila mwezi na hulala lojingi ileile, nyuma ya stendi, inayosimamiwa na mwanamke wa kwao aitwaye Nyanchoka. Alifika adhuhuri, akaomba chumba cha uani, akaambiwa asubiri kidogo, kwani stoo inapangwa. Akakaa kwenye benchi. Vijana wawili wa kazi wakatoa magunia, wakatoa ndoo, kisha wakatoa mlango.

Ulikuwa mlango mpya wa mbao ngumu, umepigwa msasa na vanishi, una bawaba zake na komeo lake, na juu, usawa wa macho, umechongwa jina: OLIVER. Ulikuwa umefungwa kwa magazeti ya miaka miwili nyuma, ambayo sasa yalining’inia vipandevipande.

“Huyu Oliver ameacha mlango wake kwako?” Edith aliuliza, kwa kupoteza wakati tu.

“Ameuacha tangu mwaka juzi,” Nyanchoka alijibu. “Ni vijana wa Nakuru, yeye na mdogo wake Jeff. Nyanya yao yuko hapo barabara ya Karungu. Wakija kumwona, hulala kwangu.”

Nyanchoka, ambaye huwa hahitaji kusukumwa, akaendelea. Vijana wenyewe wapole, alisema. Hukaa hapa uani jioni wakiutazama mlango kama mgonjwa. Huyo mkubwa alimwambia kwamba baba mdogo wao, Obiero, ndiye anayepaswa kuwaonyesha mahali pa kujenga. Kila mwaka huwaambia wangoje. Wangoje tumbaku ikatwe. Wangoje ikauke. Wangoje mvua. Ikifika mvua, tumbaku nyingine ishapandwa.

Hapo ndipo Edith alipoisoma barua mara ya pili, kichwani, na mshono ukaachia mbele ya macho yake. Alikuwa amekaa na Wajaluo miaka kumi na minane, na kwao Kisii mambo hayako mbali na hayo. Mvulana mdogo hulala kwa nyanya. Akishakuwa mwanamume, halali tena chini ya paa la mama wala la nyanya, hata paa hilo liwe la vyumba kumi. Hujenga nyumba yake ndogo, simba, karibu na lango la boma. Hachagui mahali mwenyewe. Baba humwonyesha na hugonga mti wa kwanza ardhini. Baba akiwa hayupo, ndugu wa baba husimama mahali pake. Na wa kwanza kuzaliwa hutangulia. Oliver asipojenga, Jeff hawezi kujenga. Na yule wa tatu, dada yao Sheila, Nyanchoka alisema ameolewa. Mumewe hawezi kulala chini ya paa la wakwe zake. Basi watu watatu na familia zao hawana mahali pa kuweka kichwa katika boma walilolelewa, na saa tisa lazima waondoke ili giza lisiwakute barabarani. Kila aliyesoma barua ile angepaswa kuuliza jambo moja: wanalala wapi? Yeye, mwenye kulipwa kipande cha sabuni kwa kujua mambo ya watu, hakuuliza.

Asubuhi yake alipanda pikapu ya wauza samaki waliokuwa wakirudi Karungu, akashuka njiani.

Bomani kwa bibi hakukuwa na haja ya kuuliza. Tumbaku ilianzia kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya Obiero, ikashuka mteremko, ikalizunguka lango kulia na kushoto, ikasimama ikifika kifuani, majani mapana kama masikio ya ndovu. Njia ya kuingilia ilikuwa imebaki upana wa ng’ombe mmoja. Pale ambapo simba za vijana zingesimama, upande huu na upande ule, miche ilikuwa imepandwa kwa kamba, mistari iliyonyooka kabisa.

Bibi alikuwa akichambua mboga mlangoni. Jina lake Awino. Mgeni alipojitambulisha, alinyanyuka upesi kuliko umri wake, akaenda kuleta kiti, na mikono yake ikatafuta kitu cha kushika.

“Umekuja kunijibu kwa mdomo, mwanangu?”

“Nimekuja kutazama, Dani,” Edith alisema, akitumia neno ambalo Wajaluo humwitia nyanya. “Jibu litakuja kwenye jarida.”

Alionyeshwa nyumba. Vyumba vitatu, kama barua ilivyosema. Vitanda viwili vya bluu, blanketi zilizokunjwa pembe kwa pembe, na harufu ya dawa ya nondo. Hakuna aliyewahi kuzitumia. Awino alipitisha kiganja juu ya blanketi moja kana kwamba anamtuliza mtoto, na Edith akahisi uchungu wa mwanamke yule ukiwa kitu kigumu, cha kushikika.

“Dani, Oliver hajajenga?”

“Alikataa.” Awino alisema hivyo haraka. “Obiero alimwonyesha mahali. Oliver akacheka, akasema yeye ni mtu wa mji, atalala hoteli. Obiero ameniambia mwenyewe.”

“Na Oliver alikuambia nini?”

Awino akarudi kwenye mboga zake mlangoni. Alisema hajamuuliza. Angemuulizaje? Mtoto wa marehemu akianza kudai mahali, watu husema anataka kumpokonya baba mdogo wake shamba. Na yeye mama, akianza kuuliza, watasema ana mtoto mpendwa na mtoto asiyependwa. Basi wote wamekaa kimya. Oliver huleta sukari, yeye husema “Nilidhani mmekufa,” Oliver hutazama chini, chakula huja, saa tisa inafika.

Kabla Edith hajasema lolote, Obiero aliingia kutoka shambani, mwanamume mpana, mwenye utomvu mweusi wa tumbaku kwenye vidole. Alikuwa mchangamfu. Alimwamkia mgeni, akauliza anatoka wapi, na alipojua ni nani, uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa nyuma yake.

“Kumbe ni Mkisii wa gazeti,” alisema. “Mmefika hadi bomani kwa watu.”

“Nilikuwa nikiitazama tumbaku yako,” Edith alisema. “Imestawi. Ni mwaka wa ngapi mahali hapa?”

“Wa tatu. Hapa udongo ni mzuri kuliko kule juu.”

“Na simba ya Oliver itakaa wapi?”

Obiero alicheka akimtazama mama yake, si mgeni. “Mama, unaona? Sasa Wakisii watatufundisha kujenga. Hawa vijana hawataki nyumba ya udongo, wamezoea simenti. Nitawaonyesha, tumbaku ikishatoka.”

“Ulisema umeshamwonyesha,” Awino alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo tu, mkono bado kwenye mboga. Obiero alisema alimwonyesha kwa maneno, si kwa mguu. Kisha akasema jua kali, mgeni asichelewe gari, akaondoka. Awino hakumtazama akitoka. Aliitazama tumbaku.

Edith alijizuia. Habari ya mlango ilikuwa ulimini, lakini mlango ule haukuwa wake, na bibi asingependa kuambiwa siri ya mjukuu wake na mgeni. Aliaga. Njia nzima hadi Homa Bay alikuwa akisaga meno, na si kwa ajili ya Obiero peke yake. Mtu huyo angalau alikuwa na sababu ya mwenye tamaa: udongo mzuri. Yeye alikuwa na sababu gani? Alikaribia kumwandikia mwanamke mzee ruhusa ya kuwakata wajukuu wake, na angepigiwa makofi hadi kisiwani.

Machuki alikuwa ameshamaliza stensili. Ilining’inia kwenye kamba ikisubiri mashine, imenyooka, haina hata kosa moja la kurekebisha kwa dawa nyekundu. Edith aliitoa kwenye kamba, akaichana vipande viwili.

“Mama,” Machuki alisema taratibu, “hiyo ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote mwaka huu.”

“Ilikuwa uongo mzuri kuliko wote mwaka huu. Nipe karatasi.”

Aliandika mara tatu, akafuta mara mbili, na jibu lililochapwa lilikuwa hili:

“Kwa Nyanya wa Barabarani. Uliniuliza kama ni dhambi kuwaambia wasije tena. Kwanza nilitaka kukuambia si dhambi. Nisamehe kwa hilo, maana nilikujibu kabla ya kukusoma. Mtu aliyekusahau haji kabisa. Anayekuja kutoka Nakuru, akala, akatazama saa, akaenda kulala mjini, huyo hajakusahau. Huyo hana pa kulala. Vitanda vyako ni vizuri, lakini unajua kama ninavyojua kwamba hawawezi kuvilalia. Ulijua, na bado ulivitandika, ili uone wanavyokataa. Acha jambo hilo.

“Usitume habari ya kuwakataza. Tuma barua tatu, si moja. Barua moja kwa watu watatu husomwa na mmoja na haijibiwi na yeyote. Kila mmoja mwandikie jina lake, umwambie siku, si ‘mje siku moja.’ Chagua siku shule zimefungwa ili waje na watoto. Kila mmoja muombe kitu kidogo anachoweza kubeba mkononi, asije akihisi anakuja kuhukumiwa. Na wakifika, usiseme kwamba ulidhani wamekufa. Neno hilo limewafukuza kuliko unavyojua. Waambie mara moja tu kwamba uliumia, kwa maneno mepesi, kisha ulifunge jambo hilo. Uchungu ukisemwa kila ziara, ziara hugeuka kesi.

“Kabla ya chakula, mwite mkubwa wao pamoja na huyo anayesimama mahali pa baba yao, mbele yako, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Usikubali habari za mmoja zikufikie kwa mdomo wa mwingine. Muulize mkubwa: mlango wako uko wapi? Kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu.

“Kwenu wajukuu: nyinyi nanyi mna kosa. Mliona aibu kumlalamikia baba mdogo kwa mama yake, mkadhani kunyamaza ni heshima. Kunyamaza kwenu kumemfanya mwanamke mzee aamini hapendwi. Mlango uliofungwa kwa magazeti haumwambii mtu lolote.

“Na kwenu, ndugu wa marehemu, popote mlipo kati ya Sindo na mpaka: mtu akifa, watoto wake hawafi naye. Ukipanda tumbaku pale nyumba ya mtoto wa ndugu yako ilipaswa kusimama, kisha ukamwambia mama yake kwamba mtoto ndiye aliyekataa, umevuna mara mbili shamba ambalo si lako. Mahali pa simba hapangoji mavuno. Mti wa kwanza hugongwa kwa dakika moja. Ni uvivu gani unaokuchukua miaka mitatu?”

Machuki alisoma bila kucheka. Alisema ni ndefu, itabidi tangazo la dawa ya ng’ombe liondoke. Kisha akaliondoa mwenyewe.

Karani wa kanisa alimsomea Awino jibu hilo mara mbili, chini ya shada la vitunguu saumu jikoni. Alipomaliza, Awino alimwambia achukue karatasi tatu. Kwa Sheila aliomba sindano za kushonea mikeka. Kwa Jeff, betri za redio. Kwa Oliver alifikiri sana. Mwisho alimwambia karani aandike: “Lete mlango.” Hakujua kama upo. Aliuamini ukurasa.

Jumapili ya pili ya mwezi wa nane Edith aliikumbuka kwa sababu Nyanchoka alimpigia simu dukani kwa jirani asubuhi, akasema kwa kifupi kwamba mlango umetoka stoo. Mengine aliyasikia mwezi uliofuata, alipopita tena bomani na kitenge alichomshonea bibi.

Walifika saa nne, kama kawaida, mlango ukiwa juu ya pikapu. Awino hakusema alidhani wamekufa. Aliwakalisha, akamwita Obiero, akauliza swali moja. Oliver alisema mlango uko pale nje, na ulikuwa Migori miaka miwili, na kwamba alikuwa anangoja tumbaku. Obiero alisema bado wiki tatu majani ya juu yakomae. Kimya kikawa kirefu, na Awino akakiacha. Kisha akainuka, akavua viatu, akaenda kwenye lango, upande wa kulia kama unavyotazama kutoka nyumba kubwa, na akaanza kung’oa. Aling’oa mche mmoja mmoja, mizizi na udongo wake, akiutupa nyuma yake bila kutazama unapoangukia. Majirani walitoka kuangalia. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyeombwa, na Obiero alisimama akihesabu miche kwa macho hadi akashindwa. Nafasi ya nyumba moja ilipopatikana, Awino alinyoosha mgongo na kumtazama.

“Njoo ugonge,” alimwambia. “Au niwaite binamu zako wagonge, na kijiji kijue kwa nini.”

Obiero aligonga. Aligonga mti mmoja, mara nne, akaondoka bila kula, na hadi Edith anafika mwezi ule alikuwa bado hajala bomani kwa mama yake. Vijana wakapigilia nguzo na fito, wanawake wakakanda udongo, na jirani aliyekuwa ameweka nyasi kwa ajili ya jiko lake akazitoa. Upande wa kushoto, wa Jeff, bado tumbaku ilikuwa imesimama. Awino alisema huo ni wa mwaka ujao, na alisema hivyo kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya Obiero.

Saa tisa ilifika wakiwa bado wanaezeka. Sheila, mumewe alipokwenda kuwasha gari kwa sababu yeye bado hakuwa na pa kulala, alimwita ndugu yake kwa mazoea kwamba saa imefika. Oliver alikuwa juu ya paa, nyasi mdomoni. Alitazama saa mkononi, akaivua, akaitupa chini kwa nyanya yake amshikie.

“Ile saa ninayo,” Awino alimwambia Edith, akimwonyesha kwenye kipande cha nguo. “Nimesahau kumrudishia. Akija ataichukua.”

“Atakuja lini?”

“Ijumaa,” bibi alisema, akaiweka saa chini ya blanketi la kitanda ambacho bado hakuna aliyekilalia.